Faneli huonyesha wangapi wamepotea, haionyeshi walipopotelea

HESABU ZA SOKONI
Na Zainabu Mtoro

Tuseme kuna duka la viatu mtandaoni, jijini Nairobi, linalopokea malipo kwa M-Pesa peke yake. Kila mwisho wa mwezi mwenye duka anaweka mezani karatasi yenye mchoro mmoja: mistari mitano minene iliyolazwa mmoja juu ya mwingine, ule wa juu mpana kuliko yote na wa chini mwembamba kuliko yote. Waliotembelea duka ni 10,000. Waliofungua kiatu wakakitazama ni 4,200. Walioweka kiatu kikapuni ni 1,300. Waliobonyeza kitufe cha kulipa ni 900. Waliolipa kweli ni 540.

Namba hizi ni za mfano, zimepangwa ili hesabu ifuatike. Mchoro wenyewe, hata hivyo, ndio unaotumika katika maduka, benki na kampuni za bima kila mwezi, na umbo lake ni la zamani. Hatua za kumvuta mteja kutoka kulijua duka hadi kununua huhusishwa na Mmarekani E. St. Elmo Lewis na mwaka 1898. Mwaka 1924 William Townsend, katika kitabu chake cha kufundisha uuzaji wa hati fungani, akazifananisha hatua hizo na faneli, ile ya kumiminia mafuta ya taa kwenye chupa.

Mfano huo una kasoro moja ambayo kila muuza mafuta anaijua. Mafuta yanayomiminwa kwenye faneli hayapotei. Yote huingia chupani. Watu kwenye mchoro wa faneli hupotea, tena hupotea kwa sababu zisizofanana, ila umbo linawaonyesha kana kwamba wamepungua kwa sababu moja tu, yaani njia imekuwa nyembamba.

Chukua rula uupime mchoro wa duka letu. Kama mstari wa juu una upana wa sentimita 20, wa pili una sentimita 8.4. Hapo zimetoweka sentimita 11.6, na jicho la yeyote aliyeketi kikaoni linakwenda papo hapo. Sasa shuka chini. Mstari wa waliobonyeza kulipa una sentimita 1.8, na wa waliolipa una sentimita 1.08. Tofauti ni milimita 7 na kidogo, nayo imegawanywa pande mbili kwa kuwa mistari ya faneli hupangwa katikati. Kila upande umepungua chini ya milimita 4. Kikaoni hakuna atakayeona kitu.

Ndiyo maana mwenye duka anatoka kikaoni akiwa ameamua kubadilisha picha za ukurasa wa mbele, kwa sababu huko ndiko mchoro unakomwonyesha pengo. Lakini wale 5,800 walioondoka mwanzoni wengi wao walikuwa wapita njia. Mmoja alibonyeza tangazo kwa bahati mbaya, mwingine alitaka kujua bei tu, mwingine alikuwa akitafuta viatu vya watoto na duka haliviuzi. Wale 360 waliopotea chini ni watu wa namna nyingine kabisa: wamechagua kiatu, wamechagua saizi, wameandika mahali pa kupelekewa mzigo, wakabonyeza kulipa. Mtu wa hatua hiyo ameshaamua kununua. Akiondoka bila kulipa, kuna kitu kimemzuia.

Kitu gani? Mchoro hauwezi kujibu, kwa sababu kati ya mstari wa nne na wa tano kuna safari nzima ambayo haikuchorwa. Mteja akibonyeza kulipa, mtambo wa duka hutuma ombi Safaricom, na kwenye simu ya mteja hutokea dirisha linalomtaka aweke namba ya siri. Akishaiweka, salio lake hukaguliwa, fedha hukatwa, kisha jibu hurudi dukani. Kila jibu huja na namba katika sehemu inayoitwa `ResultCode`. Jibu `0` maana yake fedha zimepita. Jibu `1` maana yake salio halitoshi. Jibu `1032` maana yake ombi limeishia kwenye simu ya mteja, ama amelikataa ama ameliacha dirisha mpaka muda wake ukaisha. Jibu `1037` maana yake simu yenyewe haikupatikana. Jibu `2001` maana yake namba ya siri imekosewa.

Maduka mengi huhifadhi majibu haya kwenye kumbukumbu za mtambo, halafu hakuna anayeyasoma. Kwenye faneli yote manne ya kushindwa huingia katika fungu moja la "hawakulipa". Tulifungue fungu hilo kwa duka letu la mfano: kati ya wale 360, simu 150 hazikupatikana, maombi 110 yaliishia kwenye simu ya mteja, wateja 70 hawakuwa na salio la kutosha, na 30 walikosea namba ya siri. Hapo habari inabadilika. Wasio na salio wanahitaji kukumbushwa jioni, au siku ya mshahara. Dirisha lililopita bila kujibiwa linahitaji kitufe cha kutuma ombi upya, ili mteja asianze safari yote mwanzo. Simu 150 zisizopatikana zinaelekeza kidole kwenye fomu ya duka: je, mteja ameandika namba ya laini ambayo haimo ndani ya simu kwa wakati huo? Hayo ni matengenezo matatu tofauti, na hakuna hata moja linalohusu picha za ukurasa wa mbele.

Kwamba tundu hukaa kati ya mistari miwili iliyochorwa, hilo limeshathibitishwa na kampuni kubwa kuliko duka hili. Mwaka 2010 Joe Megibow, aliyekuwa akiongoza uchambuzi wa takwimu katika kampuni ya safari ya Expedia, alieleza jinsi walivyogundua kwamba wateja wengi walikuwa wakichagua safari, wakijaza taarifa zao zote na kubonyeza kitufe cha kununua, kisha muamala unakwama. Walipochunguza miamala iliyokwama waliona kwamba fomu ilikuwa na nafasi isiyo ya lazima iliyoandikwa `Company`. Baadhi ya wateja walidhani wanaulizwa jina la benki yao. Wakaliandika, na kwa kuwa walishaandika benki, kwenye nafasi ya anwani nao wakaweka anwani ya benki. Anwani hiyo haikulingana na ile ya mwenye kadi, hivyo uhakiki wa kadi ukashindwa. Nafasi ile moja ilipofutwa, faida iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka.

Kwenye faneli wateja wale wangesomeka kama watu waliobadili mawazo dakika ya mwisho. Ukweli ni kwamba walikuwa wakijitahidi kulipa.

Liko jambo la pili ambalo umbo hulificha, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa linaweza kumfanya mwenye duka aiharibu kazi iliyo sahihi. Mstari mmoja huchanganya watu wasiofanana. Rudi kwa wale 900 waliobonyeza kulipa. Tuseme 400 ni wageni wanaonunua kwa mara ya kwanza, na 500 ni wateja wanaorudi, ambao namba zao za simu zimeshahifadhiwa na zilishawahi kulipa. Wageni waliofaulu ni 160, sawa na asilimia 40. Wanaorudi waliofaulu ni 380, sawa na asilimia 76. Jumla ni wale wale 540, sawa na asilimia 60 ya waliobonyeza, wastani ambao haulielezi kundi lolote kati ya hayo mawili.

Mwezi unaofuata duka linarekebisha fomu ya namba ya simu na wakati huohuo linatangaza kwa nguvu. Wageni wanaobonyeza kulipa wanafika 700, na 294 wanafaulu, asilimia 42. Wanaorudi wanabaki 500, na 390 wanafaulu, asilimia 78. Makundi yote mawili yamepanda. Lakini jumla ni 684 kati ya 1,200, yaani asilimia 57. Faneli ya mwezi wa pili inaonyesha hatua ya malipo imeshuka kutoka asilimia 60, na mtu kikaoni anapendekeza fomu ya zamani irudishwe! Kilichobadilika ni mchanganyiko wa watu: wageni, ambao hufaulu kwa shida, sasa ni wengi zaidi kwenye jumla. Wanatakwimu wanauita mtego huu kwa jina la Mwingereza Edward Simpson, aliyeuandikia makala mwaka 1951, na dawa yake haijabadilika tangu hapo: kila kundi lisomwe peke yake kabla ya kusema lolote kuhusu jumla.

Faida ya kusoma hivyo inahesabika. Kama wageni 400 wa mwezi wa kwanza wangefaulu kwa kiwango cha wanaorudi, wangelipa 304 badala ya 160, yaani oda 144 zaidi. Kuzipata oda hizo 144 kwa njia ya matangazo, huku kila hatua ikibaki ilivyo, duka lingehitaji watembeleaji wengine karibu 2,700 mlangoni, kwa kuwa katika kila watembeleaji 100 wanaolipa ni watano na kidogo. Watembeleaji hao hununuliwa kwa fedha za tangazo. Wale 400 wameshafika na wameshabonyeza kitufe.

Faneli haistahili kutupwa kwa sababu hiyo. Inafaa kumwonyesha mtu mgeni na biashara hatua zilivyofuatana na ukubwa wa kila hatua. Haifai kuwa karatasi pekee mezani siku ya kuamua fedha ziende wapi, na huzidi kutofaa pale mchoraji anapoipunguza kwa mteremko laini wa kupendeza usiolingana na namba zilizoandikwa ndani yake.

Kando ya faneli iwekwe jedwali la kawaida lenye safu ya asilimia ya waliovuka kila hatua: 42, 31, 69 na 60 kwa duka letu. Asilimia hizo zigawanywe angalau mara mbili, wageni na wanaorudi, na wanaotumia simu na wanaotumia kompyuta. Hatua ya mwisho ifunguliwe kwa majibu ya mtambo, jibu moja baada ya jingine na idadi yake. Ihesabiwe kwa watu, isihesabiwe kwa mara walizobonyeza, maana mteja aliyejaribu mara tatu akafaulu ya tatu ni mnunuzi mmoja na hajapotea popote.

Wenye maduka wanaopokea malipo ya simu wawaombe mafundi wao, wiki hii, orodha ya majibu ya miamala iliyoshindwa ya mwezi mmoja uliopita, ikiwa imepangwa kwa `ResultCode`. Orodha hiyo tayari imo kwenye kumbukumbu za mtambo, na kuitoa si kazi ya zaidi ya mchana mmoja.