Asilimia ya Ngapi?

Insha nyingi za wanafunzi huvuna alama kwa sababu tu zina namba. Msahihishaji akiona asilimia anaweka vema na kufungua ukurasa wa pili. Tunasema vema hiyo isubiri kwanza.

Chukua mfano wa insha inayotetea chakula cha mchana shuleni kwa kulinganisha shule mbili. Mwandishi anasema kwamba kwenye shule inayotoa chakula ufaulu umepanda kwa asilimia 50 ndani ya mwaka mmoja, na kwenye isiyotoa umepanda kwa asilimia 10 tu. Wastani wa ufaulu wa shule hizo sasa, anaongeza, ni asilimia 45. Inasomeka vizuri, hadi ufike kwenye jedwali lake mwenyewe.

Shule ya chakula ina watahiniwa 20 kila mwaka. Waliofaulu walikuwa 4, sasa ni 6. Ya pili ina watahiniwa 200. Walikuwa 100, sasa ni 120. Basi ya kwanza imetoka asilimia 20 hadi 30, ya pili asilimia 50 hadi 60. Zote zimepanda pointi 10 zile zile! Ile 50 ilipatikana kwa kugawanya ongezeko la watoto 2 kwa wale 4 wa mwanzo. Ile 10 ilipatikana kwa kutoa 50 kwenye 60. Kwa kipimo cha kwanza, shule ya pili ingepata 20. Hakuna hesabu iliyokosewa hapo. Kilichoharibika ni kipimo, ambacho kimebadilishwa katikati ya sentensi, na kwa upande unaomfaa mwandishi.

Wastani nao ameupata kwa kujumlisha 30 na 60, kisha kugawa kwa 2, kana kwamba watoto 20 wana uzito sawa na 200. Waliofaulu kwa jumla ni 126 kati ya 220, yaani karibu asilimia 57.

Mwalimu hahitaji kuwa mtaalamu wa takwimu. Aandike pembeni: asilimia ya nini, na kati ya wangapi? Jedwali likiwapo, arudie hesabu. Lisipokuwapo, asibuni idadi kumsaidia mwanafunzi. Aandike kwamba dai halijathibitishwa na kuizuia alama ya ushahidi.

Lakini asiifute insha nzima. Huenda chakula kinasaidia kweli. Jedwali hili halikanushi hilo. Linaonyesha watoto 2 zaidi kati ya 20, tofauti ambayo darasa jipya lenye wanafunzi wawili hodari linaweza kuileta bila sahani hata moja ya wali. Mwanafunzi apewe alama za lugha na mpangilio wa hoja, kisha arudishiwe aya ya takwimu aiandike upya kwa idadi ya watoto, akitumia kipimo kimoja kwa shule zote mbili.