Siku 15 za Kubisha Hodi



Ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi wameomba makao Kanada, na wengine wamepokea barua ya kukataliwa. Juma hili twatafakari kosa moja linalowaponza: kudhani kwamba kabla ya kwenda mahakamani ni lazima kwanza mtu akusanye ushahidi mpya.

Mahakama ya Shirikisho ya Kanada haisikilizi ombi la uhamiaji upya. Hupitia namna uamuzi ulivyofikiwa: je, mwombaji alitendewa haki, na je, sababu za afisa zinashikamana na yale yaliyokuwamo katika jalada? Kwa hiyo hati iliyopatikana baada ya uamuzi, kwa kawaida, haimsaidii mwombaji.

Tuitazame kesi ya Mavis Baker, mama kutoka Jamaika aliyeishi Kanada tangu 1981 na kuzaa huko watoto wanne. Mwaka 1994 ombi lake la kubaki kwa sababu za kiutu lilikataliwa kwa barua isiyotaja sababu. Wakili wake aliomba maandishi ya afisa, nayo yakadhihirisha dharau juu ya ugonjwa wake wa akili na wingi wa watoto wake. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Kanada ilitengua uamuzi ule kwa kuwa mtu mwenye busara angeshuku upendeleo. Hata hivyo, haikumpa mama huyo kibali. Iliagiza ombi lake liamuliwe upya na afisa mwingine.

Lakini mlango huo hufungwa mapema. Uamuzi ukitolewa ndani ya Kanada, mwombaji ana siku 15 tangu apate habari. Ukitolewa nje ya nchi, siku 60. Jaji aweza kuongeza muda kwa sababu maalumu, ila mwombaji hutakiwa kueleza ucheleweshaji wake wote.

Sisi twaona siku 15 ni chache mno kwa mgeni ambaye bado anatafuta wa kumsomea barua yake. Haki isiyofikika kwa wakati hubaki maandishi tu. Hata hivyo, maadamu sheria ndiyo hiyo, yafaa kujua kwamba katika siku hizo linalodaiwa ni fomu fupi ya kuomba ruhusa, pamoja na ada ya dola 50 za Kanada. Hoja na viapo hufuata baadaye. Hata barua isiyo na sababu haimzuii mtu: mahakama yenyewe huwaandikia waliotoa uamuzi ili wazilete.

Basi, anayepokea barua ya namna hiyo aandike juu yake tarehe aliyoipokea, naye amwone wakili siku hiyo hiyo. Kufungua shauri peke yake hakuzuii kila amri ya kuondoshwa nchini. Mara nyingi zuio huombwa kando. Ushahidi waweza kungoja, siku hazingoji.