Pesa Ilirudi Kamili, Lakini Haikutosha

Ndugu zetu, leo tunaandika juu ya shilingi 243,000 za Uganda ambazo karibu zivunje kikundi chetu. Hakuna aliyeziiba. Tunasema hivyo mwanzoni kabisa kwa sababu dada yetu mweka hazina aliitwa mwizi kwa miezi miwili, na wengine wetu tulikuwa tumekaa pale tukinyamaza.

Stori yenyewe ni hii. Januari 2023 tulikuwa watu 27, kila mmoja akatoa 60,000. Mwingine aliuza mahindi ya mgao, mwingine alibeba matofali. Jumla ikafika 1,620,000. Tulitaka vyerehani vitatu vya kushona yunifomu, na bei nzuri tuliipata kwenye duka moja la jumla upande wa Kenya, pale Busia. Kila kimoja 18,000 za Kenya, kwa hiyo vitatu ni 54,000.

Mweka hazina wetu wakati ule alikuwa anakaa kwa shangazi yake Tororo, ndiyo maana alipewa kazi hiyo. Akapanda taksi hadi Busia. Hakuvuka mpaka, maana kitambulisho cha mkimbizi wa Uganda hakikupi ruhusa ya kutembea Kenya utakavyo. Alisimama upande wa Uganda kwa wale jamaa wabadilishaji wa pesa, wanaoshika mabunda mkononi. Siku hiyo walikuwa wanauza shilingi moja ya Kenya kwa 30 za Uganda. Akatoa 1,620,000 zote, mbadilishaji akatuma 54,000 kwa M-Pesa ya duka, na kijana wa duka akamletea risiti. Risiti iliandikwa: vyerehani 3, KES 54,000, imelipwa. Basi.

Mwisho wa Februari duka likapiga simu kusema mzigo umekwama, vyerehani vya aina ile havitakuja. Tukasema sawa, rudisheni pesa. Wakasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa Machi, ikawa Aprili, bosi amesafiri, bosi ana msiba. Kijana wa duka alivuka na bahasha mwezi wa saba, katikati. Ndani mlikuwa na 54,000 kamili, wala noti moja haikupungua.

Dada akazipeleka kwa wabadilishaji walewale. Siku hiyo walinunua shilingi ya Kenya kwa 25 na nusu. Akarudi kambini na 1,377,000.

Hapo ndipo maneno yalianza. Watu walihesabu haraka: tulitoa 1,620,000, imerudi 1,377,000, kwa hiyo mtu amekula 243,000, na mtu ni nani kama si yule aliyekuwa na bahasha? Shirika moja lilikuwa limetuahidi kutuongezea kiasi sawa na akiba yetu. Ofisa wa mradi alipoona daftari, naye akauliza risiti ya pengo iko wapi. Risiti haikuwepo, kwa sababu mbadilishaji wa barabarani haandiki risiti. Kwenye fomu yao kulikuwa na mstari wa nauli, wa chakula, hata wa muda wa maongezi, lakini wa pesa iliyopotea kwa kubadilika thamani haukuwepo.

Tuliokaa na dada na kalamu tuligundua kwamba lile pengo si kitu kimoja, ni vitu vitatu vilivyokaa pamoja.

Cha kwanza ni faida ya mbadilishaji. Yeye ana bei mbili kila siku, anauza ghali na kununua rahisi, ndiyo kazi yake. Siku ile ya Januari alipokuwa anauza kwa 30, alikuwa ananunua kwa 29.4. Maana yake hata kama dada angegeuka palepale na kurudisha 54,000 zake, zingekosekana 32,400. Hizo zilipotea siku ileile tuliyolipa, na hasara hiyo haina uhusiano wowote na mambo ya uchumi.

Cha pili ni shilingi ya Kenya kushuka mpaka ile siku duka lilipokiri halina mzigo. Mwisho wa Februari wabadilishaji walinunua kwa 28.8. Kama tungerudishiwa siku hiyo tungepata 1,555,200. Kushuka kwa wiki zile chache kulitugharimu 32,400 nyingine. Imetokea tu kwamba zinalingana na zile za kwanza.

Cha tatu ni kuanzia Februari hadi mwezi wa saba. Kutoka 28.8 hadi 25.5 ni tofauti ya 3.3 kwa kila shilingi, na kwa shilingi 54,000 hiyo ni 178,200. Sehemu kubwa ya pengo ni hapa, kwenye zile simu za "wiki ijayo".

Mwaka ule wote shilingi ya Kenya ilikuwa inateremka. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama 124 za Kenya, katikati ya mwaka ikapita 140, na Januari 2024 ikafika karibu 160. Shilingi ya Uganda muda huo ilicheza karibu na palepale, kati ya 3,600 na 3,900 kwa dola. Kwa hiyo aliyeshika za Kenya akisubiri, alikuwa kama mtu aliyeshika barafu.

Sasa nani abebe? Kikundi chetu kilibishana sana, na hatukukubaliana wote. Wenzetu wengine wanasema duka lilipaswa kurudisha 1,620,000 kwa sababu ndizo tulizotoa. Sisi tunaoandika hapa tunaona hapana. Duka halikupokea 1,620,000. Lilipokea 54,000 za Kenya kwa bei iliyoandikwa kwa za Kenya, na hata hakimu angeanza na kile kilichoandikwa. Tulipochagua kununua ng'ambo ya mpaka kwa sababu ni rahisi, tulichagua na pesa ya ng'ambo pamoja na homa zake. Zile 64,800 za mwanzo, yaani kitu cha kwanza na cha pili, ni zetu. Zinauma, lakini ni zetu.

Zile 178,200 ni za duka. Kuanzia siku liliposema halina mzigo, pesa ile haikuwa tena malipo ya vyerehani, ilikuwa pesa yetu iliyokaa mfukoni mwa mtu mwingine. Yeye alikuwa anaizungusha. Mwenye duka la jumla pale Busia anaweza kununua bidhaa leo kwa 54,000 na kuziuza mwezi ujao kwa bei iliyopanda, hivyo kushuka kwa shilingi hakumgusi sana. Sisi hatukuwa na uwezo wa kufanya chochote nayo. Anayechelewesha ndiye mwenye uwezo wa kuzuia hasara kwa simu moja tu, kwa hiyo hasara ya ucheleweshaji ni yake.

Kuna mtu atasema: mbona mnaongea hivyo kwa sababu tu mlipoteza? Je, shilingi ya Kenya ingepanda, mngerudisha faida? Swali zuri, na majibu yake tuliyaona wenyewe mwaka uliofuata.

Januari 2024 rafiki yetu aliagiza vitambaa duka lilelile, vya 20,000 za Kenya. Safari hii duka lilikubali kupokea shilingi za Uganda moja kwa moja, wakapiga hesabu kwa 24, akalipa 480,000. Februari mwaka huo serikali ya Kenya ikauza hati mpya za mkopo za dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva mwezi wa sita. Watu waliokuwa wanaogopa kwamba Kenya itashindwa kulipa wakatulia, na shilingi yake ikaruka. Kutoka karibu 160 kwa dola ikarudi karibu 130 ndani ya wiki chache. Vitambaa havikuja. Mwisho wa Machi rafiki yetu anadai pesa, na wakati huo shilingi ya Kenya inanunuliwa kwa 28.8. Kama angepewa 20,000 za Kenya angepata 576,000. Duka likamwambia: "Wewe ulileta za Uganda 480,000, chukua za Uganda 480,000."

Ukiangalia kesi hiyo peke yake, hakuna uongo. Alichotoa ndicho alichopata. Hatumdai mwenye duka ile 96,000, maana risiti ya safari hii iliandikwa kwa za Uganda. Lakini weka kesi mbili pamoja. Shilingi ya Kenya ilipoanguka, tulirudishiwa za Kenya. Ilipopanda, tulirudishiwa za Uganda. Mara zote mbili duka lilichagua kwa kuangalia ubao wa wabadilishaji, na mara zote mbili lilichagua siku ya kulipa. Hapo ndipo sisi tunapoona dhuluma. Anayebeba hasara na anayekula faida wajulikane siku ya kulipa, kabla mtu yeyote hajajua shilingi itaenda wapi.

Kwa hiyo sasa tunadai risiti iwe na maneno matatu zaidi. Pesa gani imelipwa na itarudi kwa pesa hiyohiyo. Kiwango cha siku hiyo ni ngapi. Na kama mzigo hautakuja, pesa irudi ndani ya siku ngapi, na baada ya siku hizo kiwango kinagandishwa kwa ile ya mwisho, kikishuka zaidi muuzaji anajazia. Duka moja lilikataa likasema tunajifanya benki. Jingine lilisaini siku saba bila shida. Tumenunua kwa hilo la pili, ingawa cherehani chake ni ghali kwa 700 za Kenya.

Kwa ndugu wa mashirika tuna neno moja. Mnajua vizuri kitu hiki. Fedha zenu zinakuja kwa dola au yuro, mnatumia kwa shilingi, na wahasibu wenu wana mahali pa kuandika tofauti. Kikundi cha watu 27 hakina mahali hapo, kwa hiyo tofauti inaandikwa kwenye jina la mtu. Wekeni mstari mmoja kwenye fomu. Ushahidi hauhitaji risiti ya mbadilishaji: Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila siku ya kazi shilingi moja ya Kenya ni shilingi ngapi za Uganda, na za siku zilizopita zinapatikana. Ukichukua siku ya kulipa na siku ya kurudishiwa, unaona mara moja kama mweka hazina anasema kweli. Bei ya barabarani itakuwa chini au juu kidogo, lakini si kwa nne nzima.

Sisi tulifanya hivyo Septemba, mbele ya kikundi chote, kwa simu ya ofisa mwenyewe. Tarehe za Januari zilionyesha karibu 30, za mwezi wa saba karibu 26. Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja wa kikundi akasema tugawane hasara, na kila mtu akaandikiwa 9,000. Dada alikataa kurudi kwenye uweka hazina. Bado yuko kikundini, anashona, lakini daftari halishiki tena.