MTOTO ALIYE MAHABUSU NAYE NI MWANAFUNZI WETU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu, sote tunakijua kisa cha Nabii Yusuf (A.S.). Aliingia gerezani bila kosa, na humo humo akafundisha. Kabla ya kuwafasiria ndoto vijana wawili waliokuwa pamoja naye, aliwaeleza kwanza habari za Mola Mmoja. Kisha akamuomba yule aliyejua kuwa atatoka, amtaje kwa bwana wake. Yule mtu alitoka, akasahau, na Yusuf akabaki ndani miaka kadhaa. Kwa kawaida tunakisoma kisa hiki tukiiangalia subira ya Yusuf. Safari hii tumelazimika kumwangalia yule aliyesahau, maana tumejiona ndani yake.

Kijana mmoja wa madrasa yetu, mwenye umri wa miaka 14, alikamatwa pamoja na wenzake wawili kwa tuhuma za kuiba baiskeli. Hatutamtaja jina, na tunawaomba wanaomjua nao wasimtaje. Polisi walimpigia simu baba yake. Baba, kwa hasira na aibu, akajibu: "Mwacheni akae huko, ajifunze." Mama alilia, lakini hakutoka nyumbani. Wazazi wa wale wenzake wawili walikwenda siku ile ile, wakaweka saini ya dhamana, wakarudi na watoto wao. Wa kwetu alifikishwa mahakamani peke yake, akapelekwa mahabusu ya watoto, na akakaa huko wiki saba.

Na sisi walimu tulifanya nini? Baada ya majuma mawili tulipiga mstari juu ya jina lake katika daftari la mahudhurio. Hilo ndilo linalotufanya tuandike makala hii.

SHERIA INASEMAJE

Wengi wetu tunadhani mtoto akikamatwa mambo yameshatoka mikononi mwa wazazi. Sivyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kesi yake inasikilizwa katika Mahakama ya Watoto, faraghani, mzazi au mlezi akiwepo pamoja na afisa ustawi wa jamii. Sheria hiyo hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Akipatikana na hatia, mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo iliyopo Mbeya.

Pia sheria inataka mtoto aliyekamatwa, ambaye hawezi kufikishwa mahakamani mara moja, aachiwe kwa dhamana yake au ya mzazi wake. Zipo hali ambazo polisi wanaweza kumzuia: tuhuma za kuua, au kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka saba, au pale inapobidi kumtenga na watu waovu, au ikiwa kumwachia kutaharibu haki. Lakini huyu wetu alituhumiwa pamoja na wenzake kwa baiskeli moja. Wao walilala kwao na yeye akalala mahabusu. Kosa lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwamba wao walifuatwa na yeye hakufuatwa.

Na tujue kuwa mahabusu ya watoto si mahali pa adhabu. Ni mahali pa kungojea. Anayekaa humo bado hajahukumiwa, na huenda hana kosa kabisa. Isitoshe, makao haya ni machache. Yapo Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, lakini mikoa mingi haina. Pale yasipokuwepo, watoto wamekuwa wakijikuta katika magereza ya watu wazima. Basi mzazi anayesema "akae huko ajifunze" amejua huko ni wapi, na atajifunza kwa nani?

KUFUNDISHA WANAOPITA

Katika wiki ya nne tuliona haya, tukaomba ruhusa kwa mkuu wa makao na kwa afisa ustawi wa jamii, tukaanza kwenda kila Jumapili. Tuliyoyakuta yalitufunza sisi kuliko tulivyowafunza wao.

Shule yoyote inajengwa juu ya hesabu ya muda. Watoto wanaanza Januari pamoja, wanamaliza muhula pamoja, na mwalimu anajua somo la kesho ni lipi. Mahabusu hakuna kesho ya uhakika. Mmoja anaingia Jumatatu, mwingine anatoka Alhamisi kwa dhamana, wa tatu anapelekwa mahakamani asubuhi na kurudi jioni amenyamaza kwa sababu kesi imeahirishwa. Chumba kimoja kina mtoto wa miaka 12 asiyejua herufi na kijana wa miaka 17 aliyekuwa kidato cha pili. Ukisimama mbele ya ubao na kufundisha somo moja kwa wote, nusu hawakufuati na nusu wanasinzia. Na ukifundisha somo la wiki tatu, hakuna atakayelimaliza.

Tulihangaika Jumapili ya kwanza. Ya pili tukakumbuka kuwa jibu tunalo wenyewe, tumelirithi kwa wazee wetu. Chuo cha Qur'ani hakikuwahi kuwa na darasa la namna hiyo. Kila mtoto ana juzuu yake na mahali pake alipofikia. Anakuja mbele ya mwalimu, anasoma alipoishia, anasahihishwa, anarudi mkekani. Mkubwa anamsomesha mdogo. Anayeingia leo haharibu mpango wa aliyeingia jana. Utaratibu huo ndio tulioufuata kwa Kiswahili na hesabu. Kila mtoto tulimpa daftari. Ukurasa wa kwanza tuliandika alipo: herufi, silabi, maneno, au habari fupi, na kwa hesabu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Kila somo lilikuwa la siku moja, linaanza na kwisha siku hiyo. Wale wawili waliofika sekondari tuliwapa kazi ya kuwasomesha wadogo. Na daftari ni mali ya mtoto. Akitoka anatoka nalo, ili mwalimu wake wa shule ajue pa kuanzia.

Kupima alipo mtoto kunahitaji uangalifu. Kijana wetu alikuwa darasa la sita, na aliyoandikiwa ubaoni aliyanakili kwa hati nzuri. Tukampa habari fupi, akasoma mstari wa kwanza vizuri. Mwalimu akafunika mistari ya juu kwa karatasi, akamwonyesha neno la katikati ya mstari wa nne. Kimya. Kumbe yule wa kwanza alimsikia mwenzake akiusoma, akaushika kwa kichwa. Walimu wa madrasa wanakijua kitu hiki: mtoto anayetiririka Juzuu Amma yote kwa sauti tamu, ukimnyooshea kidole katikati ya aya hajui yuko wapi.

Hapo ndipo tulipoinamisha vichwa. Mtoto huyu alikaa mbele yetu miaka mitatu, na alikaa shuleni miaka sita. Utoro wake tuliuita ukaidi. Alitueleza mwenyewe kuwa alianza kukimbia madarasa pale alipoona kila akisimamishwa kusoma anachekwa, na huko alikokimbilia ndiko alikokutana na wale wenzake. Hatusemi kwamba kutojua kusoma ndiko kulikoiba baiskeli. Tunasema alikuwa na jambo la kuficha kila siku, na hakuna mtu mzima aliyekuwa karibu kiasi cha kuligundua.

Kwa Jumapili nne, na mazoezi aliyofanyishwa na mwenzake wa sekondari siku za katikati, alifika kwenye maneno ya silabi tatu. Si jambo kubwa. Elimu ya wiki chache haimgeuzi mtu, na wapo watoto tuliowaacha pale wenye kesi nzito ambazo zitachukua muda mrefu, na wengine ambao hawana mtu wa kuwawekea dhamana hata sheria ikiruhusu. Hao ndio wanaohitaji zaidi mwalimu asiyekosa siku yake.

ALIPORUDI

Afisa ustawi wa jamii aliiandalia mahakama taarifa ya hali yake: nyumbani, shuleni na madrasa. Alipotuuliza, tulimpeleka lile daftari. Kijana alikiri kosa. Mahakama ilimwachia kwa masharti, chini ya uangalizi wa afisa huyo. Safari hii baba alikuwepo, na ndiye aliyemlipa mwenye baiskeli gharama za kuitengeneza.

Tulidhani mtihani umekwisha, kumbe ndio kwanza unaanza. Baadhi ya wazazi walikuja kutuambia kuwa kijana huyo akirudi madrasa, wao watawatoa watoto wao. Hofu yao tunaielewa. Kila mzazi analinda kilicho chake. Wengine walituambia tunamtetea mwizi na kumsahau aliyeibiwa. Hapana. Mwenye mali ana haki yake, na amelipwa. Lakini mahakama iliyosikiliza kila upande imeona kijana huyu arudi kwao akasome. Sisi ambao hatukusikiliza lolote, kwa hukumu gani tumfungie mlango? Sheria imeifanya kesi yake kuwa ya faraghani ili jina lake lisichafuke, nasi tukalitembeza barazani na kwenye simu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumsitiri Muislamu mwenzetu, na ametufundisha kuwa mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Hata aliyebaleghe, mlango wa toba haujafungwa kwake.

Tulimrudisha. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao, na mmoja baadaye amemrejesha wa kwake. Kijana anakaa mstari wa mbele, anasoma juzuu yake kwa kidole, polepole. Shuleni pia amepokelewa, maana baba alikwenda mwenyewe kumwona mwalimu mkuu.

Kwa hiyo madrasa yetu imeweka utaratibu. Mwanafunzi akikamatwa, jina lake halifutwi. Linaandikiwa "yuko mahabusu", na mwalimu mmoja anapewa jina hilo kuwa amana yake. Mwalimu huyo atakwenda na mzazi kituoni siku ile ile, wakiwa na cheti cha kuzaliwa kinachothibitisha umri. Atahudhuria tarehe za mahakama kadiri atakavyoruhusiwa. Atampelekea mtoto daftari lake. Na nyinyi wazazi, tunawaomba kitu kimoja: simu ikipigwa, nendeni. Hasira mtakuwa nayo njiani na mtarudi nayo nyumbani, lakini mrudi na mtoto.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu, awape faraja walioko mahabusu usiku huu, na asitujaalie kuwa miongoni mwa waliotoka wakasahau. Amin.

Wabillahi tawfiq.