Mtoto anasoma, lakini hasikie kitu

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Lubumbashi,

Leo hatuongee juu ya barabara wala maji. Tunaongea juu ya jambo linalofanyika kila asubuhi ndani ya kalasi, mbele ya macho yetu wote, na hakuna mtu anayelipigia kelele: watoto wetu wanafundishwa kusoma katika luga ambayo hawaisikie.

Tuanze na kitu tulichokiona sisi wenyewe. Mmoja wetu ana jirani, mtoto msichana wa miaka 8, yuko kalasi ya tatu ya primeri. Mama yake anajivuna: "Mutoto yangu anajua Kifaransa muzuri." Na kweli, mtoto alifungua kitabu chake akasoma ukurasa mzima bila kusimama. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba baba anaenda shambani na jembe. Tukamuuliza kwa Kiswahili: "Sasa papa anaenda wapi?" Akatuangalia. Akainamisha kichwa. Kisha akasoma tena sentensi ileile, kwa sauti kubwa zaidi.

Tukachukua karatasi, tukaandika maneno yaleyale ya ukurasa ule, lakini tukayachanganya. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi, mdomo ukabaki umefunga. Alilitambua neno la "papa", basi. Kumbe hakuwa anasoma. Alikuwa anaimba. Kalasi nzima imerudilia ukurasa ule nyuma ya mwalimu mara nyingi mpaka umeingia kichwani kama wimbo, na macho yamezoea tu kukaa juu ya kitabu wakati mdomo unaimba.

Halafu tukaandika chini yake: Mama anapika sombe. Masomoni hakuna mtu aliyewahi kumuonyesha kusoma Kiswahili. Lakini herufi alikuwa anazijua. Akaanza polepole: "Ma... ma. A... na... pi... ka." Akarudi nyuma, akaunganisha: "Mama anapika!" Neno la mwisho lilimsumbua kidogo, "so... mbe", kisha akacheka na kuangalia upande wa jikoni. Kile kicheko njo kusoma. Katika kitabu cha Kifaransa, miaka mitatu, hakuwahi kucheka hata siku moja.

Juu ya nini inakuwa hivyo? Si kwamba mtoto ni mjinga, na si kwamba Kifaransa ni luga mbaya. Kusoma kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza herufi kuwa sauti. Ya pili ni kusikia ile sauti inasema nini. Mtoto anayeanza anaenda polepole, herufi kwa herufi, na akifika mwisho wa neno anahitaji kitu ndani ya kichwa chake kimwambie: "Ndiyo, hili nalijua." Mtoto wa miaka 6 wa Goma ao Lubumbashi anaingia masomoni akiwa tayari na maelfu ya maneno ya Kiswahili: maji, makala, kuchota, kuanguka, jana, nani alikupiga. Ya Kifaransa ana machache, mengi ni ya salamu na ya mwalimu. Kwa hiyo hata akifaulu kutamka neno la Kifaransa, hakuna anayemjibu ndani. Amegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Na ile kazi ya kwanza nayo inamkalia vigumu zaidi. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja inatamkwa vilevile popote unapoikuta. Ukijua "ba, be, bi, bo, bu" na ndugu zake, unaweza kusoma hata neno ambalo hujaliona. Kifaransa hakiko hivyo. Neno lao la ndege, yule wa kuruka juu ya mti, linaandikwa kwa herufi sita: o, i, s, e, a, u. Linatamkwa "wazo". Angalieni vizuri: katika zile herufi sita, hakuna hata moja inayotoa sauti tuliyomfundisha mtoto kwamba ni yake. Mtoto wa Parisi anavumilia mateso hayo kwa sababu neno lenyewe anaishi nalo tangu alikuwa mgongoni mwa mama yake. Wa kwetu anapewa mateso na neno, vyote kwa siku moja, ndani ya kalasi ya watoto wengi wanaogawana vitabu vichache.

Mtatuambia: tatizo ni umasikini, si luga. Tunajua umasikini, tunaishi ndani yake. Tunajua kwamba tangu masomo ya primeri yalipokuwa ya bure katika mwezi wa 9 wa 2019, benchi zilijaa kuliko walimu. Benki ya Dunia inahesabu kwamba katika inchi yetu watoto 97 kati ya 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma maandiko mafupi na kuyaelewa, pamoja na wale wasioenda masomoni. Lakini nyinyi wa Uvira, angalieni ng'ambo ya mpaka. Burundi si tajiri kutupita, na kalasi zao zimejaa. Kule mtoto anajifunza kusoma kwa Kirundi katika miaka ya kwanza, na Kifaransa anakijifunza kama somo. Katika mtihani wa PASEC wa 2014, uliofanyika katika inchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, watoto wa Burundi wa mwanzo wa primeri karibu 8 kati ya 10 walifikia kiwango kinachotakiwa katika luga. Wastani wa inchi zote 10 haukufika 3 kati ya 10.

"Ni wazi, wao waliulizwa kwa Kirundi!" Ndiyo, na hilo njo tunasema: waliulizwa kwa luga waliyofundishwa na wanayoisikia. Lakini ngojeni mwisho wa habari. Mwisho wa primeri mtihani ulikuwa kwa Kifaransa, na hapo pia Burundi ilipita wastani wa zile inchi 10. Kuanza na luga ya nyumbani hakukuwafungia Kifaransa. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishajua kwamba maandiko yanaongea, anahamisha ujuzi huo katika luga nyingine yoyote. Asiyejua, hana cha kuhamisha.

La ajabu ni kwamba sheria ya kwetu inajua haya yote. Katiba ya 2006 inataja luga nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11/2/2014 inasema kwamba luga za taifa ao luga za mahali zinatumika kwa kufundishia na kama somo. Vitabu vya kusomea vya Kiswahili, Lingala na Tshiluba kwa kalasi za kwanza vilitungwa na kuchapwa. Sasa ingieni katika masomo ya mtaa wenu muulize viko wapi. Mara nyingi utajibiwa kwamba havijafika, ao vimefungiwa ndani ya kabati ya direkta visiharibike.

Mwalimu tusimtupie makosa yote. Yeye mwenyewe alifundishwa kusoma kwa Kifaransa kwa kurudilia, na alipojifunza kazi hakuna aliyemuonyesha namna ya kufundisha "ma, me, mi, mo, mu" kwa mpango, silabi baada ya silabi. Tena anajua kwamba ENAFEP, mtihani wa mwisho wa primeri, unakuja kwa Kifaransa. Mzazi naye anajua. Kwa hiyo masomo ya pesa yanajitangaza kwa maneno matatu: "Hapa Kifaransa tupu", na Papa na Mama wanauza mbuzi kwa kulipa. Sisi tunawaelewa. Kila aliye na kiti ndani ya biro ya Leta anaongea Kifaransa. Lakini wanauziwa wimbo wakizani wamenunua kusoma.

Wengi wetu tulivaa simboli shingoni, kile kipande cha ubao cha kumuazibisha aliyesema Kiswahili ndani ya kiwanja. Tulichojifunza kwacho si Kifaransa. Tulijifunza kunyamaza. Tulifika yunivasite tukiwa tunakariri silabusi usiku kucha, nukta kwa nukta, kwa sababu tangu kalasi ya kwanza tulizoea kwamba kusoma ni kurudisha maneno ya mwingine. Leo tuko na diplome, hatuna kazi, na mtu akituomba tumwandikie kwa Kiswahili barua ya kudai haki yake, tunatafuta maneno.

Tuseme ukweli pia juu ya ugumu. Mtoto wa mjini anaongea Kiswahili, lakini wa Walungu anaongea Kishi, wa Lubero Kinande. Kwa huyo Kiswahili cha kitabu ni luga ya pili, na sheria iliposema "luga za mahali" ilimkumbuka, wanaoitekeleza wamemsahau. Hata sisi wa mjini, kitabu kinaandika "vitabu vyangu" na mtoto anasema "bitabu yangu". Mwalimu anapaswa kutayarishwa kwa hilo, amsaidie mtoto avuke bila kumchekelea. Lakini kutoka "bitabu" mpaka "vitabu" ni kuvuka mtaro wa barabara. Kutoka "bitabu" mpaka Kifaransa ni kuvuka ziwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Vitabu vya luga za taifa vitoke kabatini, na mukaguzi aandike katika ripoti yake kama viko mikononi mwa watoto. Masomo yanayotayarisha walimu wa primeri yawafundishe kufundisha kusoma kwa luga hizo, na mwanafunzi apewe alama juu yake. Na katika kalasi za kwanza Kifaransa kifundishwe kwanza kwa mdomo na masikio, vizuri, kila siku, ili siku mtoto atakapokikuta kitabuni akikute akiwa anakijua. Hatukatae Kifaransa. Tunakataa kiwe mlango wa kwanza.

Na wewe unayesoma, usingoje minisita. Leo jioni muite mdogo wako na kitabu chake. Mwache asome, kisha muulize kwa luga ya nyumbani ukurasa unasema nini. Chukua maneno yake matano, uyaandike kwa kuyachanganya. Mwishowe muandikie sentensi moja ya Kiswahili juu ya kitu anachokiona jikoni. Akiimba ule ukurasa na kushindwa kujibu, wala usimpige. Chukua matokeo yale, muende wazazi kumi kwenye mkutano wa masomo, mumuulize direkta swali moja tu: vitabu vya Kiswahili viko wapi?