Kuomba Udhuru wa Kamati



Mwezi wa Rajabu uliopita wazee wawili wa mtaa wetu walitujia baada ya sala ya Isha. Wakakaa barazani, wakanywa kahawa, kisha wakalitoa lililowaleta. Msikiti unatiwa paa jipya na kuongezwa ukumbi wa wanawake, kamati ya watu tisa imeundwa, na sisi tumechaguliwa kuwa mweka hazina. Wakasema jina letu lilipotajwa hakuna hata mmoja aliyepinga. Neno hilo ndilo linalomnasa mtu, maana anayesifiwa barazani kwake huona haya kusema hapana. Tulikaribia kusema "Inshaallah", ile inshaallah ambayo wengi wetu huitumia kwa maana ya "sitaki", na huko ni kulichezea jina la Mola wetu. Tukawaomba siku tatu.

Katika siku hizo tulisali istikhara, na tukamtaka shauri mama watoto. Yeye alituuliza swali moja tu: "Mwalimu, Jumamosi saa kumi utakuwa wapi?"

Tukatazama. Chuo chetu kina watoto 64, na husoma toka saa kumi za alasiri mpaka karibu na adhana ya Magharibi, Jumamosi hadi Jumatano. Kamati nayo hukutana Jumamosi baada ya Alasiri. Na laiti ingekuwa mkutano peke yake! Fedha za msikiti ziko benki, na hundi haitoki ila kwa sahihi mbili, moja yao ya mweka hazina. Lori la kokoto likifika saa kumi na moja, mwenye lori ataka fedha yake. Ama tuwaache watoto na sura zao nusu, ama lori lirudi na kokoto zake, na fundi akae kivulini kesho yake akihesabiwa ujira wa siku.

Lakini lilikuwapo jambo jingine zito kuliko saa, nalo hatukuliona mpaka usiku wa pili. Posho ya walimu wa chuo hutoka katika mfuko ule ule wa msikiti. Basi mweka hazina angetia sahihi posho yake mwenyewe, na siku fedha zikiwa chache angekuwa yeye ndiye wa kuamua kipi kitangulie, mabati au mshahara wake. Hata kama hatukuchukua senti isiyo yetu, nani angejua? Na sisi wenyewe tungejuaje kuwa nafsi haikutupendelea?

Imepokewa na Imamu Muslim kuwa Mtume, sala na salamu zimshukie, alimwambia Abu Dharr kwamba amwona ni dhaifu, basi asiwe kiongozi hata wa watu wawili, wala asisimamie mali ya yatima. Abu Dharr alikuwa mashuhuri kwa ukweli wake. Hakuambiwa hivyo kwa sababu ya khiyana. Na kwa upande wa pili, Nabii Yusuf, amani imshukie, aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, kwa kuwa alijua kuzilinda. Kwa hiyo kukataa peke yake si ucha Mungu. Tunawajua watu (na msomaji bila shaka anao wake) wanaokataa kila kiti, kisha hukaa barazani kuhesabu makosa ya waliokubali. Twamwomba Mungu atuepushe na hao.

Siku ya tatu tulikwenda sisi kwa mwenyekiti, hatukungoja tufuatwe, maana majina yalikuwa yatangazwe Ijumaa, na kujitoa baada ya kutangazwa huwatia watu dhana. Mwenyekiti alisikitika. Akasema, "Mwalimu, tupe jina lako tu, kazi tutaifanya sisi." Wengi huona huu ni ukarimu. Lakini katika kamati hii akidi ni watu watano kati ya tisa. Wakiwamo wawili wa jina tu, watano hao hawana budi kupatikana katika saba waliobaki. Mmoja akiwa na homa, mmoja safarini na mmoja mazikoni, mkutano umevunjika. Kiti kitupu huonekana na kujazwa, lakini kiti chenye jina la mtu asiyekuja hakijazwi na yeyote.

Tukamwachia barua, ili maneno yetu yasije yakapunguzwa au kuongezwa njiani. Iliandikwa hivi:

"Kwa Mwenyekiti. Baada ya salamu, twawashukuru kwa kutuamini. Hatutaweza kuwa mweka hazina wala mjumbe, kwa kuwa mikutano iko katika saa za chuo, na kwa kuwa posho yetu hutoka katika mfuko huo. Tunachoweza ni hiki: kila Alhamisi asubuhi, toka saa tatu hadi saa tano, tutakuja kuandika barua za kuomba michango na tangazo la Ijumaa, mpaka paa liishe. Hatutapokea wala kutunza fedha. Jina letu lisiandikwe katika orodha ya kamati. Wassalaam."

Msomaji ataona sababu zimetajwa mara moja, kwa ufupi. Sababu zikiwa kumi, anayesikiliza huona njia ya kuziondoa moja moja. Alhamisi tuliichagua kwa kuwa ndiyo mapumziko ya chuo, na mwisho wa kazi tuliutaja kwa kuwa msaada usio na mwisho hugeuka kuwa kazi ile ile uliyoikataa.

Tuungame pia kosa letu. Katika mswada wa kwanza tuliandika kuwa tutakagua hesabu kila baada ya miezi mitatu, tukidhani ni jambo dogo. Mama watoto ndiye aliyeuliza: je, mkaguzi atakagua na ile karatasi ya posho yake? Tukafuta.

Kusaidia bila ya kukalia kiti si uzushi wetu. Sayyidna Umar alipojeruhiwa, mwaka 23 wa Hijra, aliwaachia watu sita wamchague Khalifa, akataka mwanawe Abdalla ahudhurie pamoja nao, lakini asiwe na fungu katika ukhalifa wenyewe.

Baadhi ya watu walinuna. Mzee mmoja alikaa majuma mawili akiitikia salamu yetu kwa kichwa tu. Kisha, mwezi wa Shaabani, usiku, mtu alibisha hodi na bahasha: "Mwalimu, huu mchango wangu, wape kamati." Alikuwa na haraka, na ilikuwa rahisi kuipokea na kuifikisha asubuhi. Lakini bahasha moja ikipokewa, ya pili huja yenyewe, na mwisho utakuwa mweka hazina asiye na daftari la stakabadhi. Tukavaa viatu, tukaenda naye mpaka kwa mweka hazina, kijana mwenye duka, akaandikiwa stakabadhi yake mbele yetu. Tangu usiku ule hajabisha mwingine.

Barua tulizoandika ni 41. Paa limekwisha mwezi uliopita, na Alhamisi iliyofuata hatukwenda. Mwenyekiti akatuma mtoto kuuliza kama tunaumwa. Tukamjibu kuwa tu wazima, alhamdulillahi, na kwamba tumo shambani tunapalilia mihogo. Ukumbi wa wanawake bado haujapigwa lipu, na tumesikia watatujia tena kwa hilo. Kahawa ipo, na hizo siku tatu tutaziomba tena.