Prompti ya mfuko ni oda

Ukitaka kujua kama picha ya mfuko wa kahawa imepigwa na kamera au imechorwa na akili mnemba, wengi watakuambia usome maandishi. Ushauri huo umeanza kuzeeka, maana programu nyingi sasa zinaandika vizuri, angalau kwa Kiingereza na Kichina. Mimi naangalia zipu. Zipu ya mfuko wa chakula ni kitu kidogo ambacho kila mtu amekigusa na karibu hakuna aliyewahi kukitazama, na hapo ndipo uongo unapoonekana.

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kukaa katikati. Upande mmoja kuna viwanda vya vifungashio, vingine mbali kidogo kama vile vya mji wa Anbu kule Chaozhou. Upande wa pili kuna watu wetu wa Dar, Mombasa na Unguja wanaotaka mifuko ya kahawa, chai na viungo. Zamani mteja alikuja Xiaobei na mfuko wa mtu mwingine ndani ya begi, akauweka mezani, akasema, "Nataka kama huu." Sasa anakuja na picha kwenye simu, ameitengeneza mwenyewe jana usiku. Picha inavutia kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi ni mfuko ambao hakuna mashine ya kuutengeneza.

Na mtu wa kiwandani hakatai. Anatazama picha, anasema "keyi, keyi", yaani inawezekana, halafu anakupa bei ya mfuko wake ulio karibu zaidi na picha hiyo. Mteja naye ameshaiweka picha kwenye status na ameshapokea arbuni. Mizigo ikifika, mfuko una umbo jingine na hauna ule mng'ao, basi kila mtu anasema Wachina wametuibia. Hakuna aliyeiba. Watu wawili walikubaliana juu ya picha ambayo kila mmoja aliielewa kivyake.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: prompti ya mfuko iandikwe kama oda. Kila neno lielezee kitu ambacho kiwanda kingeweza kukitengeneza. Ukifanya hivyo unapata faida mbili kwa mpigo, kwa sababu sifa zinazoufanya mfuko utengenezeke ndizo zinazoifanya picha iaminike.

Tuanze na umbo. Mifuko miwili inachanganywa sana. Wa kwanza ni mfuko wa kusimama, ambao ukitafuta kwenye mitandao ya viwanda utaandika 自立袋, zilidai. Ulaya unajulikana kama Doypack, kwa jina la Mfaransa Louis Doyen aliyeubuni mwaka 1962. Una karatasi ya mbele, ya nyuma, na ya tatu iliyokunjwa chini. Pembeni zimeunganishwa kwa joto, na huo mshono unaonekana kama ukanda bapa, mwembamba kuliko kidole. Ukiujaza, mkunjo wa chini unafunguka kama mtumbwi mdogo. Kwa hiyo chini unavimba, juu unabaki bapa kama bahasha.

Wa pili ni 八边封, babianfeng, yaani mfuko wenye mishono minane. Huu una kitako bapa na kuta mbili za pembeni, unasimama kama kiboksi. Ndio ule unaouona kwenye maduka ya kahawa ya bei kali, na kwa kawaida bei yake iko juu kuliko wa kwanza. Ukiandika `coffee pouch` peke yake, programu inaweza kukupa mchanganyiko: kitako cha mtumbwi chini, kuta za kiboksi pembeni. Unapendeza, ila haupo duniani. Chagua mmoja, uutaje kwa sehemu zake.

Sasa zipu. Neno lenyewe ni mtego. Kiswahili zipu, Kiingereza `zipper`, Kichina 拉链, yote ni yaleyale ya suruali. Ndiyo maana picha nyingi zinatoka na meno ya chuma, au na kile kikamba cha kuvuta. Zipu ya mfuko wa chai haina meno. Ni uzi wa plastiki unaoingia kwenye mfereji wake ukiubana kwa vidole. Kwa nje unaona mistari miwili myembamba iliyolala sambamba, inayotoka mshono wa kushoto hadi mshono wa kulia bila kukatika. Ikiishia katikati ya mfuko, hiyo picha ni ya uongo.

Mpangilio wake nao una sababu. Juu kabisa kuna mshono wa kufungia, ambao unaupiga wewe mwenyewe kwa mashine ya joto baada ya kujaza, kwa sababu kiwanda kinakuletea mifuko ikiwa wazi juu. Chini ya mshono huo kuna vikato viwili vidogo vya kuchania, kimoja kila upande. Chini ya vikato ndiyo zipu. Mteja anachana, anatupa utepe wa juu, zipu inabaki. Picha ikionyesha zipu juu ya vikato, basi mteja akichana atakuwa ameitupa zipu yenyewe.

Halafu makunyanzi, ambapo watu wengi wanaharibu. Wanaandika `crinkled` wakitaka mfuko uonekane wa kweli, wanapata kitu kama karatasi iliyookotwa jalalani. Makunyanzi ya kweli hayasambai kila mahali. Yanaanzia pale ambapo kitu kigumu kinakutana na kitu laini: kwenye ncha mbili za zipu, kwenye pembe za mkunjo wa chini, na pale juu ambapo bidhaa imeishia na mfuko umebaki mtupu. Na kila malighafi inajikunja kivyake. Mfuko wenye alumini ndani unashika mkunjo, kwa hiyo mistari yake ni mikali na inabaki. Plastiki tupu inarudi ilikotoka, inaacha mawimbi mapana na laini. Karatasi ya kaki haing'ai, na ikikunjwa inaacha mstari mwembamba uliopauka. Kwa hiyo kwenye prompti taja malighafi kwanza, halafu sema makunyanzi yako wapi.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho: karafuu nzima, gramu 100, kwa ajili ya duka dogo la viungo. Prompti ambayo mtu angeandika haraka ni `luxury Zanzibar clove pouch, kraft, zipper, crinkled`. Kinachotoka kwa kawaida ni kaki yenye makunyanzi mwili mzima, zipu ya suruali, na kitufe kidogo cha duara chenye vitundu kifuani. Hicho kitufe ni vali. Kahawa iliyokaangwa karibuni inatoa hewa ya kaboni, na vali inaitoa nje bila kuingiza hewa ya nje. Karafuu hazitoi hewa hiyo, hazina kazi na vali. Huenda imetokea hapo kwa sababu picha nyingi za mifuko ya kaki ambazo programu ilijifunzia ni za kahawa. Ukiipeleka picha hiyo kiwandani bila kusema kitu, unaweza kuwekewa vali kwenye bei, mfuko kwa mfuko.

Sasa iandike kama oda. Gramu 100 za karafuu nzima zinajaa karibu kikombe kimoja kikubwa cha chai, kwa hiyo kwenye mfuko wa upana wa sentimita 12 na urefu wa 20 hivi, sehemu ya juu itabaki bapa. Karafuu ni ngumu na zina ncha, kwa hiyo tumbo la mfuko litakuwa na vinundu vidogo. Ingekuwa ya unga, lingekuwa laini.

```
stand-up pouch, front view, holding whole cloves,
matte brown kraft paper, flat heat-sealed side edges,
oval bottom gusset opened by the contents,
lower half full and slightly bumpy, upper third flat,
sealed top edge, small tear notch on each side below it,
press-to-close ridge under the notches, edge to edge,
soft creases fanning from both ends of the ridge,
plain blank front, soft window light from the left
```

Angalia mambo mawili. Sijaandika `zipper` hata mara moja, nimeeleza kinachoonekana. Na sijaandika `no valve`, kwa sababu kwenye programu nyingi kukitaja kitu ni kukiita, hata ukitanguliza neno la kukataa. Nimeomba sehemu ya mbele iwe tupu. Kama unatumia Midjourney, kuna njia maalumu ya kukataa, unaongeza `--no valve` mwishoni.

Hiyo sehemu tupu ina kazi nyingine. Lebo iweke mwenyewe baadaye kwenye programu ya usanifu, juu ya picha, ikiwa na jina lako lililoandikwa sawasawa. Kiswahili bado kinapindishwa kuliko Kiingereza, na "karafuu" ikikosa u moja bibi yako ataona kabla ya mtu mwingine yeyote. Ila usiibandike kama stika kwenye kioo: ifanye ipinde na mwanga na kivuli vya mfuko, vinginevyo kazi yote ya makunyanzi imepotea.

Kuna jambo ambalo picha haitaweza hata ikiwa nzuri namna gani. Haionyeshi unene. Haionyeshi kama ndani ya kaki kuna alumini au plastiki tu, na hilo ndilo litakaloamua kama harufu ya karafuu itabaki kwa miezi au itahama kabla bidhaa haijauzwa. Hayo yanaandikwa kwenye oda kwa maneno, na yanathibitishwa kwa sampuli mkononi. Kwa hiyo picha ya prompti mpe mtengenezaji, mpe mshirika wako, itumieni kujadiliana. Mteja anayelipa pesa yake mwambie wazi kwamba ni mchoro. Hapa China, tangu tarehe 1 Septemba 2025, kanuni zinataka picha za akili mnemba zitambulishwe hivyo zinapowekwa mtandaoni. Nyumbani hata bila kanuni hiyo, shangazi aliyetuma arbuni anastahili kujua.

Sampuli ikifika, ijaze karafuu, piga mshono wa juu, iweke karibu na dirisha upige picha kwa simu. Linganisha na ile ya prompti. Zipu ikiwa mahali palepale na mkunjo wa chini umefunguka vilevile, toa mchoro, weka picha ya kweli, na uanze kuuza.